PaCO2 ya 38 inapokuwa juu mno: kusoma gesi za damu na kuipima fidia

*"Dokta, shikamoo. Mimi ni tabibu, nimeanza kazi mwaka huu. Jana usiku tulikuwa na mgonjwa wa kisukari wa miaka 46, ketoni zimejaa, yupo kwenye dripu ya insulini na maji ya chumvi tangu saa tano. Alipoletwa alikuwa akipumua mara 32 kwa dakika. Ilipofika saa tisa usiku zimeshuka hadi 18, nikajua ametulia. Gesi za damu akiwa kwenye hewa ya kawaida: pH 7.15, PaCO2 38, HCO3 13, PaO2 88. Damu nyingine: Na 138, K 2.7, Cl 101. Nikaandika 'asidosisi ya kimetaboliki, PaCO2 kawaida, hakuna fidia'. Daktari wa zamu alisoma, akakimbilia kitandani bila kunijibu. Nilikosea wapi? Nielekeze hatua kwa hatua, hasa hapo kwenye fidia."*

Marahaba. Kosa lako ni neno moja tu: "kawaida". PaCO2 ya 38 ni ya kawaida kwa mtu mwenye bikaboneti 24. Kwa mwenye bikaboneti 13 iko juu, tena juu sana. Wewe uliona tatizo moja ambalo mwili haujalifidia. Daktari aliona matatizo mawili: asidi ya ketoni, na juu yake mapafu yanayoanza kushindwa kazi. Zile pumzi 18 ulizodhani ni utulivu zilikuwa uchovu.

Sasa twende na karatasi yako tangu mwanzo, kwa mpangilio ninaoufuata mimi.

Kabla ya kutafsiri chochote, ninajiuliza kama karatasi inasema kweli. Swali la kwanza ni kama damu ilitoka kwenye ateri. PaO2 ya mgonjwa wako ni 88. Damu ya vena kwa kawaida huwa karibu na 40, kwa hiyo hapa hatuna shaka. Swali la pili ni jinsi sampuli ilivyoshikwa. Povu la hewa likiachwa ndani ya bomba la sindano, PaCO2 hushuka na PaO2 huvutwa kuelekea ile ya hewa ya chumbani, kama 150 hivi. Sampuli ikikaa zaidi ya nusu saa mezani, chembe za damu zinaendelea kuishi humo ndani: zinakula oksijeni na kutoa kaboni dioksidi. Na heparini ya maji ikizidi kwenye bomba, inaizimua damu na kushusha PaCO2 na bikaboneti kwa pamoja, ukadhani una asidosisi iliyofidiwa vizuri kumbe ni heparini.

Swali la tatu ni kama namba tatu zinapatana zenyewe kwa zenyewe. Hesabu yake ni fupi:

```
H+ = 24 × PaCO2 / HCO3
```

Kwako ni 24 mara 38, gawanya kwa 13, unapata 70. Sasa linganisha na pH. pH ya 7.40 ni sawa na H+ ya 40, 7.30 ni 50, 7.20 ni 63, 7.10 ni 79, na 7.00 ni 100. Kwa hiyo 7.15 inaangukia kama 71. Namba zinapatana. Zingegombana, ningeshuku aliyenakili kabla ya kushuku mgonjwa. Ujue tu kwamba hesabu hii inakamata makosa ya kunakili, haikamati makosa ya mashine. Mashine ya gesi hupima pH na PaCO2 peke yake, halafu bikaboneti inaikokotoa kutoka kwenye hizo mbili, kwa hiyo lazima zipatane hata kama kipimo kimeharibika. Ukitaka shahidi wa nje, tazama bikaboneti iliyopimwa maabara kuu pamoja na sodiamu na potasiamu. Huwa juu kidogo, kama 1 au 2, lakini zikiachana sana rudia kipimo.

Baada ya hapo ndipo ninatazama pH. Kawaida ni 7.35 hadi 7.45. Yako ni 7.15, damu imeegemea upande wa asidi, na hapo hakuna mjadala.

Hatua inayofuata ni kumtafuta aliyeivuta damu huko. Kuna watuhumiwa wawili tu. Mmoja ni kaboni dioksidi, ambayo hutawaliwa na mapafu: ikipanda damu inakuwa na asidi, ikishuka inakuwa na alkali. Kiwango chake ni 35 hadi 45 mmHg. (Kama mashine yenu inatoa kPa, zidisha kwa 7.5 upate mmHg, maana kanuni zote nitakazokupa ni za mmHg.) Mwingine ni bikaboneti, ambayo hutawaliwa na figo na kutumika kila asidi inapomwagika mwilini. Hiyo ikishuka damu inakuwa na asidi, ikipanda inakuwa na alkali. Kiwango chake ni 22 hadi 26 mmol/L. Unauliza: ni yupi kati ya hawa anayeweza kuieleza pH hii? Bikaboneti ya 13 inaieleza. PaCO2 ya 38 haiielezi. Kwa hiyo shida ya msingi ni asidosisi ya kimetaboliki. Mpaka hapa mimi na wewe tuko pamoja.

Tunaachana kwenye fidia, na sikulaumu, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kuijaza kama fomu: kama namba ya pili imo ndani ya kiwango cha kawaida, andika "hakuna fidia", imetoka, pH bado mbaya, andika "fidia nusu", pH imerudi, andika "fidia kamili". Utaratibu huo ni rahisi kukumbuka na unapotosha. Swali la kweli si kama fidia ipo. Swali ni kama imefika kiasi kinachotarajiwa kwa ugonjwa wa ukubwa huu.

Fikiria kinachotokea mwilini. Asidi inapopanda, vipokezi vya shingoni na vya kwenye shina la ubongo vinahisi, na ndani ya dakika chache mtu anaanza kupumua kwa nguvu na kwa kina. Kaboni dioksidi inatolewa, PaCO2 inashuka, pH inapanda kidogo. Ikipita nusu siku hadi siku nzima mapafu yamefika pale yanapoweza kufika. Hili hutokea kwa kila mtu mwenye ubongo unaofanya kazi, misuli yenye nguvu na mapafu yanayopitisha hewa. Na kwa kuwa hutokea kwa kila mtu, kiasi chake kinatabirika. Kanuni ilichapishwa mwaka 1967 na mpaka leo inaitwa kwa jina la Winters:

```
PaCO2 inayotarajiwa = 1.5 × HCO3 + 8   (± 2)
```

Weka 13 ya mgonjwa wako. Moja na nusu mara 13 ni 19.5, ongeza 8, unapata 27.5. Kwa hiyo PaCO2 yake ilipaswa kuwa kati ya 25.5 na 29.5. Yeye ana 38. Amezidi kikomo cha juu kwa zaidi ya 8.

Ukichoka na hesabu saa tisa usiku, kuna njia ya mkato: chukua bikaboneti, ongeza 15. Kumi na tatu na kumi na tano ni 28. Inakaribia vya kutosha.

Unaweza kuuliza, 38 badala ya 28 inabadilisha nini? Rudi kwenye ile hesabu ya kwanza. Ishirini na nne mara 28 gawanya kwa 13 ni kama 52, yaani pH ya 7.29 hivi. Bikaboneti ni ileile na ketoni ni zilezile, lakini mwenye mapafu yanayofanya kazi angekuwa na 7.29 wakati wako ana 7.15. Tofauti yote hiyo imetoka kwenye upumuaji. Ndiyo maana jina sahihi la karatasi yako ni *asidosisi ya kimetaboliki pamoja na asidosisi ya upumuaji*, hata kama PaCO2 imekaa katikati ya kiwango kilichochapishwa. Upande wa pili hufanya vilevile: ungekuta PaCO2 ya 20, chini ya ile inayotarajiwa, ungesema kuna alkalosisi ya upumuaji imeongezeka juu yake. Maambukizi yaliyosambaa mwilini hufanya hivyo, na sumu ya aspirini pia.

Swali linalofuata linahusu mgonjwa mwenyewe: kwa nini mtu aliyekuwa akipumua mara 32 aache kupumua hivyo wakati asidi bado ipo? Majibu ni machache. Ama ubongo hautoi amri tena, kwa sababu ya dawa za usingizi au fahamu kushuka. Ama mapafu yenyewe yamejaa, mathalani nimonia. Ama misuli inayovuta hewa imeishiwa nguvu.

Karatasi yako inasaidia kuchagua. Kwenye hewa ya kawaida, usawa wa bahari, oksijeni inayofika kwenye vifuko vya mapafu ni takriban 150 toa PaCO2 iliyogawanywa kwa 0.8. Kwako ni 150 toa 47.5, yaani kama 102. Damu ya ateri ina 88. Pengo ni 14. Kwa umri wake ungetarajia pengo lisilozidi miaka gawanya kwa nne, ongeza nne, yaani 15.5. Kwa hiyo oksijeni inapita vizuri kutoka kwenye mapafu kwenda kwenye damu. Kitambaa cha mapafu ni kizima na kinachoshindwa ni pampu. (Akiwa juu mlimani, ile 150 hupungua, na mtu akiwekewa oksijeni hesabu hii hubadilika, usiitumie kama ilivyo.)

Halafu tazama potasiamu: 2.7. Wengi wangeipita haraka, lakini kwangu ndiyo iliyotoa jibu. Asidi ya damu kwa kawaida huisukuma potasiamu kutoka ndani ya seli kuja kwenye damu. Mtu mwenye pH 7.15 na potasiamu 2.7 ana upungufu mkubwa kuliko namba inavyoonyesha, kwa sababu asidi bado inaipandisha. Amekojoa potasiamu kwa siku kadhaa pamoja na sukari, huenda ametapika nyingine, na tangu saa tano insulini imekuwa ikiirudisha iliyobaki ndani ya seli. Potasiamu ikishuka hivyo misuli hulegea, na msuli wa kiwambo, ule unaogawa kifua na tumbo, ni msuli kama mingine.

Njia ya kuthibitisha kitandani ni rahisi. Mwambie anyanyue kichwa kutoka kwenye mto akishikilie kwa sekunde tano. Mwambie ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja uone anafika wapi. Tazama tumbo: mtu ambaye kiwambo chake kimechoka, tumbo linaingia ndani anapovuta hewa badala ya kutoka. Nina hakika daktari wako alikimbilia kufanya mojawapo ya haya.

Tiba ya hapo ni ya daktari na mwongozo wa kwenu, lakini nikueleze mantiki yake ili usishangae. Insulini husimamishwa kwanza, ingawa ndiyo dawa ya ugonjwa wenyewe, mpaka potasiamu ivuke kikomo. Miongozo mingi huweka kikomo hicho kwenye 3.3 au 3.5. Potasiamu hutolewa kwa dripu inayodhibitiwa, kwa kawaida mmol 10 kwa saa kupitia mshipa wa mkononi, na hadi 20 mahali penye mashine ya kufuatilia mapigo ya moyo. Magneziamu hupimwa pia, maana ikiwa chini potasiamu hukataa kupanda hata ukimimina. Watu wengine wakiona 7.15 wanataka kutoa bikaboneti. Kwa mgonjwa huyu hiyo ni hatari mara mbili: bikaboneti hugeuka kaboni dioksidi ambayo yeye tayari hawezi kuitoa, na huisukuma potasiamu ishuke zaidi.

Na kama itabidi awekwe kwenye mashine ya kupumulia, yeyote atakayeiweka akumbuke ile 28. Mashine ikipangwa impe PaCO2 ya 40 kwa sababu "ndiyo kawaida", itakuwa imerudia kosa lako la kwenye karatasi, na pH itashuka hata chini ya 7.15.

Kuna hatua moja nimeiruka makusudi, ambayo hufanywa kila ukikuta asidosisi ya kimetaboliki: pengo la anioni. Chukua sodiamu, toa jumla ya kloraidi na bikaboneti. Kwako ni 138 toa 114, yaani 24. Kawaida ni kama 8 hadi 12. Pengo kubwa maana yake kuna asidi ngeni kwenye damu: ketoni, laktati, asidi zinazokwama figo zikifa, au sumu fulani. Hapa pengo limepanda kwa 12 kutoka kikomo cha juu, na bikaboneti imeshuka kwa 11 kutoka 24. Vinakaribiana, kwa hiyo ketoni zinatosha kueleza kila kitu upande wa kimetaboliki, hakuna wa tatu aliyejificha. Tahadhari moja tu: albumini ikishuka, pengo hushuka nayo. Kwa kila gramu 10 kwa lita iliyopungua, ongeza 2.5 kwenye pengo, la sivyo utamwambia mgonjwa aliyedhoofika kwamba yuko sawa.

Umeuliza hasa kuhusu fidia, kwa hiyo nisikuache na upande mmoja. Shida ikianzia kwenye mapafu, wanaofidia ni figo, na figo hazina haraka. Huanza ndani ya saa kadhaa, lakini kumaliza kazi ni siku tatu hadi tano. Kwa sababu hiyo fidia ya figo ni saa ya ukutani: inakuambia tatizo lina muda gani.

Chukua mtu mwenye PaCO2 ya 60, yaani imepanda kwa 20 juu ya 40. Ikiwa imepanda leo, bikaboneti hupanda kwa 1 tu kwa kila 10, kwa hiyo itakuwa kama 26, na pH 7.26 hivi. Ikiwa imekaa hivyo miezi, kama kwa mvutaji sigara wa miaka mingi ambaye mapafu yameharibika, bikaboneti hupanda kwa 3.5 hadi 4 kwa kila 10. Itafika kama 32, na pH itakuwa 7.35. PaCO2 ni moja. Mmoja yuko hatarini sasa hivi, mwingine amekuja kliniki kwa miguu.

Sasa mtu huyu wa pili apate nimonia. Unapima: pH 7.25, PaCO2 80, HCO3 34. Kwa tatizo la leo tu ungetarajia bikaboneti ya 28. Kwa la siku nyingi ungetarajia 38 hadi 40. Yeye ana 34, katikati. Maana iliyo karibu zaidi ni kwamba tatizo jipya limepanda juu ya la zamani. Lakini namba zilezile zinaweza kutoka kwa mtu mwenye 80 ya siku nyingi ambaye leo amepata asidi ya kimetaboliki, mathalani laktati, ikamlia bikaboneti. Karatasi haiwezi kuwatenganisha hawa wawili. Historia inaweza, na gesi za zamani zilizoko kwenye faili zinaweza zaidi. Mimi huomba faili la zamani kabla ya kumaliza kusoma jipya.

Upande wa alkali nitaupita haraka. Mtu akipumua kupita kiasi, bikaboneti hushuka kwa 2 kwa kila 10 ya PaCO2 iliyoshuka kama ni ya ghafla, na kwa 4 hadi 5 kama ni ya siku nyingi. Alkalosisi ya kimetaboliki, kama ya mtu aliyetapika siku mbili, hupandisha PaCO2 kwa takriban 0.7 kwa kila 1 ya bikaboneti iliyozidi. Lakini hii ndiyo fidia isiyoaminika kuliko zote, maana mwili haukubali kuacha kupumua mpaka oksijeni ishuke.

Limebaki lile neno "fidia kamili", na hapo nina deni la zamani. Mwaka wangu wa pili kazini nilisoma gesi za bibi mmoja mwenye mapafu mabovu: pH 7.40, PaCO2 60, HCO3 36. Nikaandika kwa mwandiko mzuri, "asidosisi ya upumuaji, fidia kamili". Mkuu wangu akaniuliza, "Figo zake zimejuaje kusimama 7.40 juu ya alama?" Sikuwa na jibu. Jibu ni kwamba haziwezi kujua. Kinachozifanya figo na mapafu vifidie ni pH kuwa mbaya. Kadiri pH inavyokaribia kawaida, msukumo unapungua, na kazi inasimama kabla ya kufika. Kwa sababu hiyo fidia hurudisha pH karibu na kawaida, lakini haiifikishi katikati, na kamwe haiipitishi upande wa pili. Anayejitenga kidogo na kanuni hiyo ni mwenye alkalosisi ya upumuaji ya siku nyingi, kama wakazi wa milimani, ambaye pH yake inaweza kurudi hadi ndani ya kiwango.

Kwa hiyo ukikuta pH nzuri kabisa na namba nyingine mbili zote mbaya, usiandike fidia kamili. Tafuta ugonjwa wa pili unaovuta upande mwingine. Kwa PaCO2 ya 60 yule bibi alistahili bikaboneti ya 32. Zile nne za ziada zilitoka kwenye dawa za kukojosha alizokuwa akimeza kwa ajili ya miguu kuvimba. Alikuwa na alkalosisi ya kimetaboliki juu ya asidosisi ya upumuaji. Hilo lina madhara, kwa sababu damu yenye alkali humwambia ubongo apumue kidogo, na yeye hakuwa na pumzi za kupunguza.

Kwa mgonjwa wako, basi, ningeandika hivi kwenye faili: "Asidosisi kali ya kimetaboliki yenye pengo kubwa la anioni, inaendana na ketoni. PaCO2 inayotarajiwa 25.5 hadi 29.5, iliyopo 38: asidosisi ya upumuaji imeongezeka. Pengo la oksijeni ni la kawaida kwa umri. K 2.7, shuku udhaifu wa misuli ya kupumua. Daktari ameitwa saa tisa." Mtu wa zamu ya asubuhi akisoma hivyo anajua afanye nini bila kukutafuta.

Utakaporudia kipimo, fanya hesabu upya kwa bikaboneti mpya, usiendelee kushikilia 28. Ikipanda hadi 15, PaCO2 inayostahili ni 28.5 hadi 32.5. Ukikuta 31, pampu imerudi kazini, hata kama pH bado inasoma 7.3. Ukikuta 36, haijarudi, hata kama pH imepanda kuliko jana. Usishangae pia baadaye ukikuta pengo limefungika na ketoni zimekwisha lakini bikaboneti imekwama kwenye 18 na kloraidi iko 112. Hiyo ni kloraidi ya maji ya chumvi mliyompa, na figo zake zitaisafisha zenyewe kwa siku moja au mbili bila insulini ya ziada.